"Comprises of", "consists from": maneno madogo yaliyotuchelewesha kusafirisha korosho

Nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara, upande wa kuelekea Mikindani. Kazi yangu ni mawasiliano na wanunuzi wa nje: bei, sampuli, nyaraka za mzigo, tarehe za meli. Karibu yote hufanyika kwa barua pepe, na karibu zote ni za Kiingereza. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu waliokalia viti kama changu, Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, kwa sababu yapo maneno madogo yanayofuata vitenzi vya Kiingereza ambayo yaligharimu ofisi yetu muda, fedha na usingizi, na hakuna aliyetutahadharisha mapema.

Mzigo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Mnunuzi wa Ulaya alitaka kontena moja la futi 20, ambalo kwa korosho zilizobanguliwa hupakiwa katoni 700. Kila katoni ina pauni 50, yaani kilo 22.68, hivyo uzito halisi wa mzigo ni kilo 15,876. Katoni 450 zilikuwa za daraja la W320 na 250 za W240. Kwa asiyezijua, namba hiyo ni idadi ya punje nzima nyeupe katika pauni moja: W320 hufika punje 320, W240 haivuki 240. Punje chache kwa pauni maana yake ni punje kubwa, na W240 huuzwa kwa bei ya juu kuliko W320. Kwa hiyo mnunuzi anapolipa, anataka kujua kwa uhakika ni katoni ngapi za daraja gani.

Kabla ya kupakia, ofisi ilimtumia barua pepe ya kuthibitisha mzigo. Iliandikwa kwa kufuata kielelezo cha zamani kilichokuwa kikinakiliwa msimu hadi msimu, kikibadilishwa namba na tarehe tu. Kiini chake kilikuwa hiki:

"The consignment comprises of 700 cartons which consists from W320 and W240. The moisture has been reduced with 5%."

Ukiisoma haraka, ukiwa umesoma sekondari zetu, huoni tatizo. Hata mstari mwekundu wa kompyuta haukutokea, kwa sababu mstari ule huangalia kama neno limeandikwa sawasawa, na hapo kila neno peke yake limeandikwa sawasawa. Ilikuwa Ijumaa. Jibu la mnunuzi lilikuja jioni, la adabu lakini lenye maswali mawili. La kwanza: je, kila katoni ina mchanganyiko wa W320 na W240? La pili: unyevu umepunguzwa kutoka asilimia ngapi, na sasa ni asilimia ngapi? Akaongeza kwamba tusipakie mpaka ajibiwe.

Mwisho wa wiki ulipita. Jumatatu tulijibu, naye alipeleka jibu letu kwa watu wake wa ubora, wakataka cheti kipya cha unyevu badala ya maneno yetu. Kilipopatikana, muda wa kupokea makontena kwa ajili ya meli ile ulikuwa umefungwa. Kontena likasubiri meli nyingine, na sisi tukalipia lori lililokaa bure, tukalipia na hifadhi. Meneja hakumgombeza mtu, lakini alifika mezani kwangu na kuniambia, "Dada, nataka kujua ni neno gani lililotuletea haya, na nataka lisirudi tena."

Swali lake lilikuwa la haki na mimi sikuwa na jibu kamili. Nilihisi kwamba sentensi ile ilikuwa na kasoro, lakini sikuweza kueleza ni ipi kati ya kasoro zake iliyotufikisha pale. Nilimwendea jirani yetu wa Shangani, mzee aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na karatasi, basi umekuja na kazi."

Nilimpa barua. Aliisoma mara moja, akachukua penseli, akapigia mstari maneno matatu tu: "of", "from" na "with". Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonisaidia kuliko yote: kwamba makosa yale matatu hayafanani. La kwanza linachafua sura ya barua lakini maana inafika. La pili linaweza kubadili maana. La tatu halina maana moja hata kidogo, na hilo ndilo la hatari zaidi. Akaniambia niache kuyaona yote kama "makosa ya sarufi" na niyachukue kila moja na uzito wake.

Tuanze na la kwanza. "Comprise" ni kitenzi kinachobeba kitu chake moja kwa moja, bila neno la kati, kama vile "contain" au "include". Asili yake ni Kilatini, kitenzi chenye maana ya kushika pamoja, kukumbatia ndani. Kitu kizima hutangulia, sehemu zake hufuata: "The consignment comprises 700 cartons." Hakuna aandikaye "contains of 700 cartons", na hiyo ndiyo njia rahisi ya kujipima. Weka "contains" mahali pa "comprises". Ukiona "of" inaning'inia bila kazi, ifute. Katika barua za biashara kosa hili hutokea zaidi kwenye umbo la "comprising of", hasa kwenye ankara na orodha za mzigo, mahali panapoandikwa maelezo ya bidhaa kwa mkupuo mmoja. "A consignment comprising 700 cartons" inatosha.

Kwa nini sasa "of" inaingia? Kwa sababu jirani zake wote wanayo. "Consists of", "is composed of", "is made up of", zote hudai "of", na "comprise" inaonekana ni ndugu yao. Kiswahili hakituvuti upande huo. Sisi tunasema mzigo unajumuisha katoni 700, bila neno lolote kati ya kitenzi na katoni. Angetafsiri mtu neno kwa neno kutoka Kiswahili, angepata jibu sahihi. Kosa hili limezaliwa ndani ya Kiingereza chenyewe, na wazaliwa wa lugha hiyo nao hulifanya. Nalisema hili kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba kila kosa letu la Kiingereza linatokana na Kiswahili, na si kweli.

Hapo pana mtego mdogo. "Is comprised of" ni jambo tofauti na "comprises of". Umbo hilo la kutendwa linatumika sana, na kamusi ya Merriam-Webster inalikubali, ingawa wahariri wengi bado hawalipendi. Mwalimu aliniambia nisilitumie, si kwa kuwa ni dhambi, bali kwa kuwa msomaji anayelichukia atasimama hapo badala ya kusoma bei yangu. Ninapohitaji "of" ninaandika "consists of", basi. Lakini mtu mwingine akiniandikia "is comprised of", simsahihishi.

La pili, "consists from", ndilo lililozaa swali la mchanganyiko. "Consist" haiwezi kusimama peke yake na kubeba kitu. Lazima ifuatwe na neno, na kwa maana ya kuundwa na sehemu fulani neno hilo ni "of" tu. Lipo pia "consist in", lenye maana ya mbali kidogo: kiini cha jambo kiko katika kitu fulani, kwa mfano ubora wa korosho uko katika weupe na uzima wa punje. Katika barua za mzigo sijawahi kulihitaji, na nadhani wewe pia hutalihitaji mara nyingi.

Hiyo "from" ilitoka wapi? Hapa Kiswahili kina mkono wake. Tunasema kitu kimetokana na, kimetengenezwa kutokana na, na "kutokana na" huvuta "from" kichwani bila mtu kujua. Halafu Kiingereza kina "made from", ambayo ipo na ni sahihi, lakini hutumika hasa pale malighafi inapogeuka kuwa kitu kingine. Mvinyo ni "made from grapes", kwa kuwa zabibu hazionekani tena. Meza ni "made of wood", kwa kuwa mti bado unaonekana. Sasa msome tena mnunuzi wetu: anaona katoni "which consists from W320 and W240". Kitenzi kinasema sehemu, neno dogo linasema malighafi iliyochanganywa. Hakuwa anatafuta ugomvi alipouliza kama madaraja mawili yamechanganywa ndani ya katoni moja. Sentensi ilimruhusu kuliwaza hilo, na mtu aliyelipia W240 ana kila sababu ya kuliogopa.

Dawa ya sentensi ile haikuwa kubadili neno moja tu. Tuliigawa:

"The consignment consists of 700 cartons, of which 450 are W320 and 250 are W240. Each carton contains one grade only."

Angalia "of which". Kiswahili kinasema "kati ya hizo", na wengi wetu huandika "from which" au "among which". Unapotoa hesabu ya sehemu kutoka kwenye jumla, "of which" ndiyo inayofanya kazi hiyo, na namba zinazofuata zijumlishwe zifike kwenye jumla. 450 na 250 ni 700. Msomaji huhesabu hapo hapo, na zikilingana haulizi.

Nisiache hapa jambo la "includes", maana tulipoanza kuogopa "comprises" na "consists", ofisi nzima ilikimbilia "includes" kwa kuwa haina neno dogo la kukosea. Ikazaa tatizo lingine. Tulimwandikia mnunuzi mmoja kwamba nyaraka zilizotumwa "include the invoice, the packing list and the certificate of origin", naye akasubiri nyingine. "Include" humwambia msomaji kwamba huenda vipo vingine ambavyo havikutajwa. "Comprise" na "consist of" humwambia kwamba umetaja vyote. Ukiwa umetaja vyote, tumia hivyo viwili, na kama umetaja baadhi, "include" ni halali yako. Kwenye orodha ya mzigo karibu kila mara unataja vyote.

Sasa la tatu, ambalo hadi leo likinijia mkononi nasimama. "The moisture has been reduced with 5%." Punje za korosho baada ya kubanguliwa hukaushwa, na wanunuzi kwa kawaida hutaka unyevu usizidi asilimia 5. Ukizidi, zinaweza kuota ukungu safarini. Ukipungua mno, punje huwa kavu na kuvunjika, na punje iliyovunjika haihesabiwi tena kwenye daraja la nzima. Kwa hiyo namba ya unyevu ni miongoni mwa namba ambazo mnunuzi huzisoma kwanza.

Chukua mzigo uliokuwa na unyevu wa asilimia 7. Ukiandika "reduced to 5%", unyevu sasa ni asilimia 5, na mnunuzi ameridhika. Ukiandika "reduced by 5%", mtu wa hesabu anaweza kuelewa kwamba umepungua kwa asilimia 5 ya ile 7, yaani umebaki 6.65, na mzigo haufai. Mwingine ataelewa kwamba umetoa asilimia 5 nzima kutoka 7, ikabaki 2, na punje zitafika zimevunjika. Neno moja dogo, na hali tatu tofauti za mzigo uleule. Na "with", ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye barua yetu, haisemi lolote kati ya hayo. Kwa Kiingereza "reduce" haichukui "with" kwa kupima kiasi. Mnunuzi hakuweza hata kukisia kwa usalama.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kinatofautisha vizuri kabisa. Tunasema bei imepungua kwa shilingi mia, au bei imepungua hadi shilingi mia, na hakuna muuza samaki wa feri anayechanganya hayo mawili. Tatizo ni kwamba "kwa" yetu inafanya kazi nyingi: kusafiri kwa basi, kukata kwa kisu, kwenda kwa shangazi, kupungua kwa mia. Kila moja ya hizo ina neno lake la Kiingereza. Aliyezoea kwamba kukata kwa kisu ni "with a knife" anapeleka "with" hiyo hiyo kwenye asilimia. Mimi sasa nina kanuni moja tu hapa: "kwa" ya kiasi ni "by", "hadi" ni "to". Inatumika vilevile kwa "increase", "raise", "cut", "fall" na "drop". Na hata baada ya kuijua, ofisi yetu haiandiki tena "by" wala "to" peke yake kwenye unyevu. Tunataja mwanzo na mwisho:

"The moisture content has been reduced from 7% to 4.5%."

Mwenye namba mbili hana cha kuuliza.

Ndugu wa karibu wa hatari hii ni "agree", na huyu nilikutana naye kwenye bei. "We agree with your price" na "We agree to your price" si kitu kimoja. "Agree with" ni kuwa na maoni sawa na mtu: bei yako tunaiona ni sahihi. "Agree to" ni kukubali pendekezo, yaani umefunga. "Agree on" ni pande mbili kufikia jambo pamoja. Kwetu yote yanakaa karibu na kukubali na kukubaliana. Unapokubali ofa ya mnunuzi andika "We agree to", au bora zaidi "We accept", ambayo haina neno dogo wala shaka, na utaje bei yenyewe na tarehe ya ofa. Nimeona mazungumzo yakiendelea siku kadhaa baada ya muuzaji kuamini amefunga, kwa sababu upande wa pili ulisoma "agree with" kama maoni tu.

Baada ya hapo meneja alinipa kazi ya kusafisha vielelezo vyote. Nilianza kwa kutafuta makosa yenyewe kwenye barua tulizokwisha kutuma. Kwenye Gmail, ukiandika maneno ndani ya alama za kunukuu kwenye sehemu ya kutafutia, hukuletea barua zenye maneno hayo kwa mfuatano huo:

```
in:sent ("comprises of" OR "comprising of" OR "consists from")
```

Zilitokea nyingi kuliko nilivyotarajia, na zilinionyesha ni kielelezo kipi kilichokuwa chanzo. Kisha nikatafuta mengine ambayo Mwalimu alinitajia: "discuss about", "request for", "emphasize on", "comply to", "await for". Nilipoyapanga mezani niliona kwamba sehemu kubwa yana chanzo kimoja, nacho nakieleza kwa kirefu kwa sababu ukikijua unaokoa kukariri kwingi.

Kiingereza kina nomino na kitenzi vinavyofanana au kukaribiana, na mara nyingi nomino ndiyo inayohitaji neno dogo, kitenzi hakihitaji. "Our discussion about the price" ni sawa, kwa kuwa "discussion" ni nomino. Kitenzi ni "we discussed the price". "Our request for samples" ni sawa, kitenzi ni "we request samples". "An emphasis on quality", lakini "we emphasize quality". "A demand for payment", lakini "they demand payment". "A lack of space", lakini "the warehouse lacks space". Mtu aliyesoma "request for" mara mia kwenye vichwa vya barua huibeba na "for" yake yote anapogeuza neno kuwa kitenzi. Tena hapa Kiswahili kilikuwa upande wetu: tunaomba sampuli, tulijadili bei, ghala limekosa nafasi. Hakuna neno la kati. Ukiwa na shaka na vitenzi hivi, rudi kwenye Kiswahili chako, hakitakudanganya.

Kuna na kipimo kingine ambacho Mwalimu alikipenda. Geuza sentensi iwe kauli ya kutendwa. Ukisema "The price was discussed", sentensi imekamilika, basi kitenzi kilikuwa kinabeba kitu chake chenyewe na hakihitaji neno. Lakini "The sample was waited" haikubaliki, lazima iwe "was waited for", basi "wait" inahitaji "for" yake. "Await" ni kinyume: "Your reply is awaited" imekamilika, kwa hiyo ni "we await your reply", bila "for". Kipimo hiki hakifai kwa "comprise", kwa sababu ya ule ubishi wa "is comprised of" nilioutaja, wala kwa "consist", ambayo haina kauli ya kutendwa kabisa. Kwa "comprise" tumia kile cha "contains", na "consist" ijifunze pamoja na "of" yake.

"Comply to" ina historia yake. Tuna "conform to" na "adhere to", na wote watatu huzungumzia kufuata masharti, hivyo "to" inahama. "Comply" huchukua "with": "The goods comply with the contract." Hapa hakuna kipimo cha kukusaidia, ni kujifunza neno pamoja na mwenzake. Kamusi za wanafunzi, kama Oxford Learner's iliyoko bure mtandaoni, huonyesha jozi hiyo kabla ya mfano: utaona "comply with something", "consist of something". Kwenye "comprise" utaona "comprise something". Usisome maana tu ukafunga. Sehemu unayoihitaji ni ule mstari mfupi wa muundo.

Nilivyojifunza kukagua ni hivi. Nikimaliza barua nzito, yenye fedha au mzigo ndani, naisoma mara moja kwa ajili ya maana, kisha naisoma tena nikitazama vitenzi tu na neno linalofuata. Nikikuta namba jirani na kitenzi, nasimama zaidi. Barua ya kumtakia mnunuzi heri ya mwaka mpya sikagui hivyo, na sioni sababu ya mtu kujitesa. "Discuss about" kwenye barua ya salamu haimpotezi mtu. "Reduced with" kwenye cheti inampoteza.

Mpaka hapo utadhani kila "comprising of" inapaswa kufutwa popote ilipo. Sivyo, na hili liliwahi kunifanya nisite siku nzima. Mnunuzi mwingine alilipa kwa njia ya hati ambayo benki yake huahidi kumlipa muuzaji iwapo nyaraka zitatimiza masharti. Hati hizo huendeshwa kwa kanuni za UCP 600 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zinazotumika tangu Julai 2007. Kanuni hizo zinataka maelezo ya bidhaa kwenye ankara yalingane na yale yaliyo kwenye hati. Na hati ile, iliyoandikwa na benki ya Ulaya yenyewe, ilisema "one container comprising of 700 cartons".

Mkono ulikuwa tayari kufuta "of". Karani wa benki yetu aliponiuliza kwa simu, "Dada, umebadilisha chochote kwenye maelezo ya bidhaa?" nilimwambia bado. Akasema, "Basi usibadilishe. Mkaguzi wa upande wa pili ataweka karatasi mbili pamoja na kulinganisha. Tofauti yoyote inaweza kuwa sababu ya kuuliza." Kulingana si lazima kuwe herufi kwa herufi, lakini kunakili maelezo yale kama yalivyo humwondolea mkaguzi kazi na sisi kutuondolea mjadala.

Kanuni hizo hizo zina sehemu inayoeleza maneno madogo yenyewe, na inafaa kuijua. Kwa tarehe za kusafirisha mzigo, "until", "till", "to", "from" na "between" hujumuisha tarehe iliyotajwa, lakini "before" na "after" huiacha nje. Hati ikisema "ship before 15 November", tarehe 14 ndiyo ya mwisho. Ikisema "until 15 November", tarehe 15 bado ni yako. Tulikuwa tunaandika hizo mbili kama mapacha.

Kwa hiyo ankara ilikwenda na "comprising of 700 cartons", kama benki ilivyoandika. Barua ya kusindikiza, ambayo haikuwa sehemu ya nyaraka za benki na maneno yake ni yetu, ilikwenda na "consisting of 700 cartons, of which 450 are W320 and 250 are W240". Zilikuwa kwenye bahasha moja.